Betri ililala mpaka asubuhi, sasa inakata saa nne: nifute tathmini yangu?

"Juni 2024 niliandika tathmini ya sola niliyonunua Tanga mjini: paneli ya wati 100, betri ya geli ya 100Ah, kontrola na taa nne. Niliipa nyota tano, nikaandika 'betri inalala mpaka asubuhi'. Huku kwetu Mkinga watu kadhaa wamenunua kwa sababu yangu. Desemba tuliongeza runinga ndogo na king'amuzi. Tangu masika, ikifika saa nne usiku kontrola inakata. Jirani ananiambia nifute ile ya zamani niandike upya, la sivyo watu watadhani nilihongwa. Nifute, nishushe nyota, au niongeze mstari chini? Na nitajuaje kama tatizo ni betri?"

Usifute. Nyota nazo usiziguse kwa sasa, maana hujajua bado unazishusha kwa kosa la nani. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuambia uandike nini na ukiandike wapi.

Ndugu yangu, ulipoandika kwamba betri inalala mpaka asubuhi hukusema uongo. Ila sentensi ile ilikosa kitu kimoja: inalala mpaka asubuhi ikiwa imebeba nini? Tufanye hesabu. Taa nne za wati 5 zikiwaka tangu magharibi hadi saa nne usiku zinakula kama wati-saa 70. Ile ya nje ukiiacha mpaka alfajiri, ongeza 40. Simu tatu za nyumbani, 30 hivi. Jumla ni karibu 140 kwa usiku mmoja. Paneli ya wati 100 huku pwani, siku ya jua zuri, baada ya kutoa kinachopotea kwenye joto, waya na betri yenyewe, inakuingizia kama wati-saa 300. Siku ya mawingu mazito unapata nusu yake, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo mwaka jana hata siku mbaya ilikuwa inakaribia kurudisha ulichotumia, na siku nzuri ilibakiza.

Sasa ingiza runinga na king'amuzi. Runinga ya inchi 24 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, pamoja na king'amuzi chake, hula kama wati 40. Saa nne za kutazama ni 160. Matumizi yako yamepanda kutoka 140 hadi 300, yaani sawasawa na kile paneli inachotoa siku nzuri kabisa. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, hukuona tofauti. Masika yalipoingia, kila siku ya mawingu ikawa inaacha deni la wati-saa 150. Betri yako ikiwa mpya inabeba wati-saa 1,200 kwa jina, yaani volti 12 mara ampea-saa 100, lakini betri za risasi, na ya geli ni mojawapo, haifai kuzishusha chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo akiba ya kutumia ni 600. Mawingu ya siku nne mfululizo yanaimaliza. Baada ya hapo kontrola inafanya kazi iliyowekewa: volti zikishuka hadi 11 na ushei, inakata.

Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozaa la pili. Betri ya risasi ikikaa wiki kadhaa bila kujaa, sahani zake zinafunikwa na chembe za salfeti ya risasi. Zikiwa bado changa, chaji kamili huziyeyusha. Zikikomaa zinakuwa ngumu na hazirudi tena, na sehemu ile ya sahani inakuwa imekufa. Joto nalo linasaidia kuua: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri hizi kwa takribani nusu, na ukiiweka chini ya bati lisilo na dari huku kwetu, unajua mwenyewe chumba kinavyokuwa saa nane mchana.

Kwa hiyo betri yako ina hali moja kati ya mbili. Ama ni nzima ila ina njaa ya muda mrefu, ama njaa hiyo imekwisha kuiharibu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na tathmini yako itakuwa tofauti kabisa kutegemea ni ipi.

Kabla ya kupima betri, angalia vichwa vyake. Nimekutana na tathmini nyingi za ukanda huu, kuanzia Moa hadi Pangani, ambako betri imelaumiwa na mwenye kosa ni chumvi. Jioni, vitu vyote vikiwa vinawaka, weka testa kwenye vichwa vya betri usome volti. Kisha iweke kwenye skrubu za kontrola pale waya za betri zinapoingia, usome tena. Kama betri inasema 12.3 na kontrola inaona 11.9, umeme unapotea njiani, na kontrola itakata mapema ikidhani betri imeisha. Tofauti ikizidi 0.2 au 0.3, fungua viungo, sugua ule unga mweupe au wa kijani kwa brashi ya waya, kaza, upake vaselini. Panda pia uiangalie paneli. Mwaka ni muda wa kutosha kwa tawi la mwembe kufika mahali ambapo halikuwapo, na kivuli cha tawi moja juu ya seli chache kinaangusha umeme kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Viungo vikiwa safi na paneli iko wazi, pima betri yenyewe. Runinga ipumzike siku mbili tatu za jua, mpaka kontrola ionyeshe kwamba betri imejaa. Hakikisha kontrola imewekwa kwenye aina ya geli, kwa sababu chaji ya betri za maji huwa na volti za juu zinazoichemsha geli. Usiku, tenganisha paneli na matumizi yote, acha betri itulie hadi asubuhi, kisha soma volti. Geli iliyojaa na yenye afya husoma kati ya 12.8 na 13. Ikiwa imechajiwa vizuri na bado inasoma 12.4, una habari mbaya tayari.

Halafu ipe mzigo unaojulikana. Nenda kwa wauza vipuri ununue balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, zile za kioo za kawaida, siyo LED. Inakula kama ampea nne na nusu, na hilo ni karibu sana na kiwango kilichotumika kuandika 100Ah kwenye betri nyingi: ampea 5 kwa saa 20, ndiyo maana pembeni pameandikwa C20. Iwashe moja kwa moja kutoka kwenye betri, balbu ikiwa juu ya kigae au sementi kwa sababu inaunguza, na andika saa uliyoanza. Soma volti kila baada ya saa moja. Zikifika 12.0 balbu ikiwa bado inawaka, zima, andika saa, na rudisha betri kwenye chaji siku hiyohiyo. Usiisukume mpaka ife, maana utakuwa unaua unachokipima. Betri nzima ya 100Ah itafika hapo baada ya saa kumi hivi. Ikichukua saa tisa, betri yako haina neno, ilikuwa na njaa tu. Ikichukua saa tano, umebakiwa na nusu. Hiki si kipimo cha maabara, lakini unaweza kukirudia mwakani kwa balbu ileile na kulinganisha, na kwa tathmini ya muda mrefu hicho ndicho kinachotakiwa.

Tuseme imechukua saa tano. Sasa tuje kwenye kuandika.

Jirani yako anadhani maandishi ya zamani yatakuaibisha. Mimi naona kinyume. Msomaji akikuta tathmini ya mwaka mzima inayosema tu "betri inakata saa nne, nyota mbili", hajui kama ilianza kukata siku ya kwanza, mwezi wa pili au baada ya masika. Hajui kama ilikata kwa taa au kwa runinga. Maneno yako ya Juni 2024 ndiyo pekee yanayomwambia kwamba sola ileile, kwa paneli ileile, iliwahi kulala mpaka asubuhi. Ukiyafuta umemnyima nusu ya habari, na wale walionunua kwa kuyasoma watabaki wakijiuliza walisoma wapi. Hapo ndipo shaka ya kuhongwa inapoanza.

Lakini kuyaacha yalivyo na kuongeza mstari chini kabisa hakutoshi. Watu wanasoma juu, wanaona nyota tano, wanakwenda dukani. Weka maneno mafupi juu ya kila kitu, yenye tarehe, yanayosema hukumu yako ya leo na yanayoeleza kwamba ya zamani yako chini. Mfano:

*Imeongezwa Juni 2025. Kwa taa nne na simu, paneli na betri za ukubwa huu zinatosha. Kwa runinga ya kila siku hazitoshi, hasa masika, na betri yangu imebaki na kama nusu ya uwezo baada ya miezi sita ya matumizi hayo. Niliyoandika Juni 2024 yapo hapa chini kama yalivyokuwa.*

Kisha shuka kwenye maandishi ya zamani, sentensi kwa sentensi, ukijiuliza swali moja kila unaposimama: hili lilikuwa kosa tangu siku ile, au lilikuwa kweli siku ile na sasa limebadilika? Mambo haya mawili hayaandikwi kwa namna moja, na wengi huyachanganya.

Lililokuwa kosa tangu mwanzo lipigie mstari katikati, lisomeke bado, na uandike sahihi pembeni yake pamoja na tarehe. Kwa mfano, uliandika paneli ni ya wati 120 na leo umepanda juu ukaona kibandiko kinasema 100. Usilibadilishe kimyakimya, kwa sababu kuna mtu huenda alipigia hesabu ile 120. Makosa ya herufi tu ndiyo unayoweza kusahihisha bila kumwambia mtu.

Lililokuwa kweli na limebadilika, usilipigie mstari. Liache lilivyo, pamoja na furaha yake yote, na chini yake weka nyongeza yenye tarehe:

*Juni 2024: Betri inalala mpaka asubuhi.*

*Juni 2025: Wakati huo tulikuwa na taa nne za wati 5 na simu tatu, kama wati-saa 140 kwa usiku. Desemba 2024 tuliongeza runinga na king'amuzi, ikawa kama 300. Tangu masika ya 2025 inakata saa nne usiku. Nimesafisha vichwa vya betri, hakuna kivuli kwenye paneli. Kwa balbu ya gari ya wati 55, betri iliyojaa ilifika volti 12.0 kwa saa 5. Betri nzima ya ukubwa huu huchukua saa 10 hivi.*

Angalia kwamba nyongeza haikusema "kumbe nilidanganyika" wala "nilihisi tangu mwanzo". Ukishajua mwisho wa hadithi, kumbukumbu inakushawishi kwamba uliuona unakuja. Hukuuona. Ungeuona usingeweka nyota tano. Kila kipande kibaki na ujinga wake wa siku ile, na hiyo ndiyo sababu ya kutogusa hata vitenzi vya zamani. "Inalala" ibaki "inalala", usiigeuze "ilikuwa ikilala".

Pita pia kwenye yale ambayo hayakubadilika, uyaandike. Kama taa zote nne bado zinawaka na kontrola haijaingia kutu pamoja na chumvi yote ya Mkinga, hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa pwani, na mwaka jana hukuwa na namna ya kulijua. Bei nayo: iache ya 2024, ongeza ya leo pembeni.

Kuhusu nyota, ningeweka alama mbili, kila moja na tarehe yake: tano za Juni 2024 na tatu, au utakavyoona, za Juni 2025. Kama mahali ulipoandika panaruhusu alama moja tu, weka ya leo na uitaje ya zamani ndani ya maneno. Binafsi nisingeshuka hadi moja au mbili. Mtengenezaji hakukuahidi runinga kwa paneli ya wati 100. Ila kama muuzaji alikuambia dukani kwamba seti ile inabeba taa na runinga bila shida, hilo ni kosa lake na lina nafasi yake katika tathmini, kwa maneno aliyoyasema na tarehe. Andika ulichoambiwa na ulichopima. Neno kama "matapeli" liache, maana halimsaidii mnunuzi na linaweza kukuingiza kwenye kesi.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa majirani zako walionunua baadaye. Je, walipata betri ileile? Jina na rangi ya ganda si ushahidi. Betri ya kweli ya geli ya 100Ah huwa na uzito wa karibu kilo 30, kwa sababu uwezo wake uko kwenye risasi, na risasi ni nzito. Ipandishe yako kwenye mizani ya dukani, ile ya kupimia magunia, uandike kilo zake kwenye nyongeza. Waambie na majirani wapime. Ikiwa yako ni 29 na ya jirani ni 19 na kibandiko ni kilekile, basi tathmini yako inazungumzia betri ambayo haiuzwi tena, na msomaji anatakiwa alijue hilo juu kabisa, kabla ya nyota. Na kama ni yako iliyo na 19, hesabu yote niliyoifanya hapo juu inabadilika, maana hukuwahi kuwa na ampea-saa 100. Hiyo nayo ni aina ya kosa la tangu mwanzo: ile "100Ah" ipigie mstari, andika kilo na kipimo.

Ukipata betri nyepesi namna hiyo, au kama dhamana yako haijaisha, rudi dukani na risiti kabla ya kuandika chochote kipya. Tafuta risiti leo, kwa sababu dhamana nyingi za betri hizi ni za mwaka na wako ndio unafungwa. Duka likikataa kusikiliza, malalamiko ya walaji yanapokewa na Tume ya Ushindani. Likikubadilishia, liandike pia, hata kama jambo lenyewe ni zuri. Msomaji ana haki ya kujua kwamba maneno yako ya leo yameandikwa baada ya kupewa betri ya bure.

Kupima volti na kusafisha vichwa unaweza kufanya mwenyewe, ukivua pete na saa ya chuma na kuhakikisha spana haigusi vichwa viwili kwa pamoja. Ila betri ikiwa imevimba ubavuni, inapata moto wakati wa kuchaji, au inatoa harufu ya mayai viza, iache. Fungua madirisha, zuia chaji, na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA aje aione hapohapo ilipo. Na akitokea mtu wa kukushauri muifungue mwongeze maji ya betri, mkatalie. Ya geli imefungwa kwa sababu, na ikishafunguliwa haifungiki tena.

Mwisho, ukiamua kununua betri mpya au kuongeza paneli ya pili, usiendeleze hesabu ya mwaka wa kwanza. Betri mpya ianze na tarehe yake, kilo zake na kipimo cha balbu cha wiki ya kwanza, ambacho safari hii utakuwa nacho. Paneli ya zamani, taa na kontrola ziendelee na mwaka wa pili. Ukipanga kurudia, rudia Juni tena. Ukipima Februari na kulinganisha na Juni, utakuwa unapima jua la kaskazi na mawingu ya kusi, halafu unayaita betri.